Ulipe siku ya 10 au siku ya 30? Punguzo la asilimia 2 likilinganishwa kwa shilingi za kila siku

Chini ya ankara ya muuzaji wa jumla, karibu na sehemu ya mhuri, wakati mwingine kuna mstari mfupi ambao wenye maduka wengi huupita bila kuusoma: `2/10, n/30`. Wengine huuandika kwa maneno: "Punguzo la asilimia 2 ukilipa ndani ya siku 10. Deni lote lilipwe ndani ya siku 30." Maana ni ileile. Umechukua mzigo kwa mkopo. Ukipeleka hela kabla siku ya 10 haijaisha, unapunguziwa shilingi mbili kwa kila mia. Usipopeleka, hupunguziwi kitu, ila unakaa na mzigo pamoja na hela mpaka siku ya 30.

Hii si mali kauli. Kwenye mali kauli unapeleka hela ukishauza, na siku hazihesabiwi kwa ukali. Hapa siku ndizo zinazopanga bei.

Mama mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Mbagala, Dar es Salaam, ambaye namfanyia hesabu za mwezi, aliniambia msimamo wake bila kuzunguka: "Mwanangu, asilimia mbili ni hela ya soda. Benki wanataka kumi na nane. Bora nikae na hela yangu siku zote thelathini."

Ukilisikia haraka unalikubali, maana mbili ni ndogo kuliko kumi na nane. Lakini ile kumi na nane ya benki ni ya mwaka mzima, na hii mbili ni ya siku ishirini tu. Ili zilinganishwe inabidi zote zisomwe kwa kipimo kimoja, na kipimo ninachokiona chepesi kwa mtu wa dukani ni shilingi kwa siku.

Ankara yenyewe

Tuchukue ankara ya shilingi 6,000,000 kutoka kwa muuzaji wa eneo la Gerezani: mabomba, koki, rangi, misumari na vitasa. Imeandikwa tarehe 3 Machi, masharti ni hayo ya `2/10, n/30`. Akilipa kufikia tarehe 13 Machi, anatoa 5,880,000. Akingoja mpaka tarehe 2 Aprili, anatoa 6,000,000. Tofauti ni 120,000.

Kosa la kwanza ni kuona kwamba bei ya mzigo ni milioni 6 na punguzo ni zawadi. Muuzaji yuko tayari kuuachia mzigo kwa 5,880,000, kwa hiyo hiyo ndiyo bei. Ile 120,000 ya juu ni malipo ya kukaa na hela zake. Na unakaa nazo siku ngapi? Si siku 30. Siku 10 za mwanzo unapewa bure, ulipe mapema au usilipe. Unachokinunua kwa 120,000 ni siku 20 tu, kutoka ya 10 hadi ya 30.

Gawa 120,000 kwa siku 20. Unapata shilingi 6,000 kwa siku. Kila asubuhi mama huyu anapofungua duka kati ya tarehe 14 Machi na tarehe 2 Aprili, ametoa 6,000 ili abaki na ile 5,880,000 mkononi.

Sasa benki. Takwimu za Benki Kuu ya Tanzania za miaka ya karibuni zinaonyesha wastani wa riba ya mikopo ya mabenki ukiwa kwenye asilimia 15 na kitu, na mfanyabiashara mdogo kwa kawaida hupewa juu ya hapo. Nichukue hiyohiyo asilimia 18 aliyoitaja mama. Asilimia 18 ya 5,880,000 ni 1,058,400 kwa mwaka. Gawa kwa siku 365, ni kama shilingi 2,900 kwa siku.

Elfu sita kwa muuzaji, elfu mbili na mia tisa kwa benki. Ile aliyoiita hela ya soda inamgharimu zaidi ya mara mbili ya benki anayoiogopa.

Ukitaka iwe asilimia ya mwaka, ili uiweke kando ya karatasi ya benki, kanuni ni hii:

```
(2 ÷ 98) × (365 ÷ 20) = 0.372, yaani asilimia 37.2 kwa mwaka
```

Tunagawa kwa 98 na si kwa 100 kwa sababu hela unayobaki nayo ni ile 98 uliyotakiwa kulipa. Wapo wahasibu wanaohesabu riba juu ya riba, na kwa njia hiyo wanafika asilimia 44.6. Kwa uamuzi wa dukani njia zote mbili zinakupeleka kulekule.

Mama alinibana hapa, na alibana vizuri: "Hiyo thelathini na saba umeitoa wapi wakati mimi nimekosa laki moja na ishirini tu?" Basi tukahesabu mwaka mzima, kana kwamba analipa siku ya 30 kila mara. Yeye huchukua mzigo wa aina hii kila mwezi. Kwa miezi 12 amekosa 1,440,000. Amekaa na hela za muuzaji siku 20 mara 12, yaani siku 240. Benki, kwa 2,900 kwa siku, ingemtoza 696,000 kwa siku hizohizo 240. Kwa hiyo amelipa 744,000 zaidi ya alichostahili kulipa, na hakuna karatasi hata moja dukani kwake inayoitaja hiyo hela. Haimo kwenye matumizi, haimo kwenye riba. Imejificha ndani ya bei ya manunuzi, ndiyo maana haikumuuma.

Kulipa mapema kwa hela ya nani?

Kujua kwamba punguzo lina thamani ya 6,000 kwa siku hakutoshi. Swali ni kama unayo hela ya kulilipia siku ya 10, na hiyo hela inakugharimu nini.

Njia iliyo safi zaidi ni ovadrafti, yaani ruhusa ya kutoa hela kuzidi salio lako hadi kikomo fulani, kama benki imekupa. Unatozwa kwa siku ulizotumia tu. Kwa siku 20 riba ni kama 58,000. Unalipa 58,000 kuokoa 120,000, unabaki na 62,000. Kuna ada ya kuihuisha kila mwaka. Ikiwa ni asilimia 1 ya kikomo cha milioni 6, hiyo ni 60,000 kwa mwaka, au 5,000 ukiigawa kwa ankara 12. Bado unabaki na 57,000 kila mwezi.

Mkopo wa taasisi ndogo za fedha ni habari nyingine, na hapa wengi wanaumia kwa kusikia neno "punguzo" wakakimbilia kukopa. Taasisi zisizopokea amana zimewekewa na Benki Kuu kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata kwenye kikomo hicho, mkopo wa 5,880,000 kwa mwezi mmoja una riba ya 205,800, maana mara nyingi unatozwa mwezi mzima hata ukiutumia siku 20. Ongeza ada ya fomu na ya kushughulikia mkopo. Umetoa zaidi ya laki mbili kuokoa laki moja na ishirini. Tena angalia kama riba inahesabiwa juu ya kiasi chote ulichokopa mwanzo hata baada ya kuanza kurejesha. Hapo gharama inapanda zaidi ya inavyotamkwa. Ile mikopo ya mtaani inayoitwa kausha damu hata tusiipigie hesabu.

Kwa hiyo kipimo ni kimoja: jumla yote utakayotoa kwa mkopo huo, riba na ada, je iko chini ya 120,000? Kama haiko, ngoja siku ya 30 na ulale usingizi. Kuacha punguzo si kosa pale ambapo hela ya kulipatia ni ghali kuliko lenyewe.

Inabaki hela yako mwenyewe, ya droo na ya akaunti. Hapa ndipo wafanyabiashara wa Dar wanaponijibu: "Hela yangu inazunguka. Nikiilaza kwa muuzaji siku 20 nimepoteza mizunguko." Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Lakini nayo ipigiwe hesabu.

Tuseme anataka kuitumia ile 5,880,000 kununua saruji kwa taslimu. Mfuko kwake ni 16,000, anauza 16,400. Anapata mifuko 367. Ikiisha yote ndani ya siku 20, faida ni 146,800 kabla ya kulipa vijana wa kupakia na kushusha. Toa hao vijana, tuseme shilingi 100 kwa mfuko, inabaki kama 110,000. Hiyo iko chini ya punguzo. Kama saruji inaisha kwa siku 10 na akageuza mara mbili, ni 220,000, na hapo amefanya vizuri kulikataa punguzo.

Ila kuna sharti ambalo watu hulisahau. Faida hiyo inahesabika tu kama ile mifuko asingeiuza bila hizo hela. Kama stoo tayari ina saruji ya kutosha wateja wake wote, hela ya ziada haileti mteja wa ziada. Inakaa droo, au inaingia kwenye mahitaji ya nyumbani kidogokidogo. Njia ya kulitambua hili ni kuangalia daftari la wiki tatu zilizopita: ni mara ngapi mteja aliondoka kwa sababu bidhaa haikuwepo? Kama ni mara nyingi, na bidhaa hizo zinatoka haraka, hela yako kweli inazunguka. Kama hukumbuki hata mara moja, hela yako haizunguki kwa kasi unayoifikiria, na 6,000 kwa siku ni faida nzuri kuliko utakayoipata kaunta.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ujenzi unapungua na mzigo unakaa. Hapo mambo mawili hutokea kwa pamoja: hela haizunguki, hivyo punguzo linafaa zaidi, na hela yenyewe ni chache, hivyo punguzo ni gumu zaidi kulifikia. Kama muuzaji anakubali, lipa sehemu. Ukipeleka 2,940,000 siku ya 10, afute deni la 3,000,000, na nusu iliyobaki ingoje siku ya 30. Si wote wanaokubali, lakini ni swali la kuuliza kabla ya kuchukua mzigo, si siku ya 10 mchana.

Siku mbili tu ndizo zenye maana

Nilipopitia malipo ya yule mama, kilichoniuma zaidi hakikuwa kwamba alikuwa akikosa punguzo. Ni kwamba mara nyingi alilipa siku ya 14, ya 16, ya 18. Hela ikiingia anaipeleka, kwa uaminifu, ili asidaiwe. Uaminifu wake ni mzuri, lakini angalia ulivyomgharimu:

| Siku ya kulipa | Anatoa | Siku alizotumia | Kila siku imemgharimu | Kwa mwaka |
|---|---|---|---|---|
| 10 | 5,880,000 | 0 | 0 | 0 |
| 15 | 6,000,000 | 5 | 24,000 | asilimia 149 |
| 20 | 6,000,000 | 10 | 12,000 | asilimia 74 |
| 30 | 6,000,000 | 20 | 6,000 | asilimia 37 |
| 45 | 6,000,000 | 35 | 3,430 | asilimia 21 |

Anayelipa siku ya 15 amelipa 120,000 ileile kwa siku 5. Ukishaikosa siku ya 10, hakuna sababu ya kihesabu ya kuharakisha. Tayari umezinunua siku zote 20, zitumie. Lipa siku ya 29 au ya 30, na kati ya hapo hela ifanye kazi dukani. Ukiwa na hela siku ya 12, usiifikirie tena ankara hiyo. Ifikirie ankara inayofuata, kama hela hiyo inaweza kuifikia siku yake ya 10.

Mstari wa mwisho wa jedwali unavutia, na ndiyo maana wengi huchelewesha. Siku ya 45 inapunguza gharama hadi 3,430 kwa siku, inaikaribia benki. Lakini hiyo ni hesabu isiyojumuisha anachofanya muuzaji baada ya hapo. Hatakuandikia barua. Atakuweka kwenye orodha ya wanaolipa taslimu, au mabati yakiadimika mjini atawapelekea wengine kwanza, au ankara inayofuata itakuja na bei iliyopanda kidogo bila maelezo. Na ukishahesabiwa mchelewaji, hata lile punguzo la siku ya 10 huondolewa. Sishauri siku ya 45 isipokuwa umempigia simu kabla ya siku ya 30 na amekubali kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp.

Tatizo la mama lilikuwa na chanzo kimoja. Wateja wake wakubwa ni mafundi na wakandarasi wadogo wanaomlipa mwisho wa mwezi, lakini yeye alikuwa akichukua mzigo tarehe za mwanzo wa mwezi. Siku ya 10 ilimkuta mikono mitupu, na siku ya 30 ilimkuta na hela. Tukasogeza oda. Badala ya tarehe 3, anaagiza tarehe 22. Mzigo wa tarehe 22 Machi, siku yake ya 10 ni tarehe 1 Aprili, wakati mafundi wameshalipa. Hakukopa popote, na muuzaji hakubadilisha sharti lolote.

Huko kwa mafundi kwenyewe kuna jambo la kutazama. Anawapa mzigo kwa mwezi mzima bila kuongeza shilingi, huku yeye akilipa 6,000 kwa siku ili aweze kuwapa. Kama fundi analipa siku ya 30, bei yake haifai kuwa sawa na ya anayelipa taslimu kaunta.

Wauzaji watatu, mzigo mmoja

Hadi hapa tumemlinganisha muuzaji mmoja na benki. Kiuhalisia mtu hutembea Gerezani na mitaa ya Kariakoo, anarudi na bei tatu za mzigo uleule. Punguzo linaweza kukupumbaza hapa, maana muuzaji anaweza kulipandisha kwenye bei kwanza halafu akakupunguzia.

Wa kwanza ni yule wetu: 6,000,000, na asilimia 2 ukilipa siku ya 10. Wa pili hana punguzo lolote, bei yake ni 5,900,000 ulipe siku ya 30. Wa tatu hakopeshi kabisa, 5,850,000 mkononi.

Anayesikia "punguzo" anakimbilia wa kwanza. Lakini mlinganishe na wa pili. Wa kwanza anataka 5,880,000 siku ya 10, wa pili anataka 5,900,000 siku ya 30. Kwa wa pili unaongeza 20,000 na unapata siku 20. Ni shilingi 1,000 kwa siku. Benki inataka 2,900. Wa pili amekukopesha kwa bei ya chini kuliko benki yoyote utakayoingia Samora, ila hakuiandika kama punguzo, ndiyo maana hakuna anayemsifia.

Wa tatu dhidi ya wa pili: 50,000 kwa siku 30, ni kama 1,670 kwa siku. Bado chini ya benki, kwa hiyo mwenye kutumia hela ya benki abaki na wa pili. Lakini kama una hela iliyolala, umepokea zamu yako ya mchezo wiki hiyo na huna pa kuipeleka kwa mwezi mzima, basi wa tatu ndiye wa bei ya chini. Wa tatu dhidi ya wa kwanza: 30,000 kwa siku 10, shilingi 3,000 kwa siku, karibu sawa na benki, hapo uamuzi uamuliwe na ubora wa mzigo na nani anakubali kurudishiwa koki mbovu.

Yule wa kwanza anashinda lini? Pale ambapo wengine wawili hawana mzigo wenyewe, au wanauza bidhaa yenye nembo unayoitilia shaka. Vinginevyo, kwa bei hizi, punguzo lake ni mapambo. Ndiyo maana kabla ya kulisherehekea punguzo lolote, ulizia bei ya taslimu ya jirani yake.

Masharti yakibadilika, hesabu inabadilika sana kuliko mtu anavyotegemea. `1/10, n/30` ni asilimia 18.4 kwa mwaka: ukitumia ovadrafti ya asilimia 18, faida inamezwa na ada, hivyo ngoja tu siku ya 30 bila kujilaumu. `2/10, n/60` ni asilimia 14.9, maana zile shilingi mbili sasa zinanunua siku 50. Hapo siku 60 za muuzaji zina bei chini ya ile ya benki, na mwenye kuhitaji mtaji azichukue. `3/7, n/30` inafika asilimia 49, na hiyo ukiweza usiikose.

Yanayokosesha punguzo hata ukiwa na hela

Kwanza ni kuanza kuhesabu. Siku ya 10 inahesabiwa kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye ankara au kutoka siku uliyopokea mzigo? Kwa mtu wa Mbagala tofauti ni ndogo. Kwa duka la Lindi au Songea linalongoja lori, siku nne zinaweza kupotea barabarani na ukabaki na sita. Muulize muuzaji na aiandike.

Pili ni siku hela inapofika. Muuzaji haangalii siku uliyokwenda benki, anaangalia siku akaunti yake iliyosoma. Hundi inahitaji muda wa kukomaa. Malipo makubwa ya benki kwa benki kupitia TISS yanafuata saa za kazi. Siku ya 10 ikiangukia Jumapili au sikukuu, kuna wauzaji wanaosogeza hadi Jumatatu na kuna wasiosogeza. Panga kulipa siku ya 8. Siku mbili hizo ni bei ndogo ya kutogombana.

Tatu ni karatasi, na hapa mwenye VAT asome kwa makini. Risiti ya EFD uliyopewa na mzigo inasoma 6,000,000, lakini umelipa 5,880,000. Omba hati ya kupunguza deni inayoonyesha 120,000, ili vitabu vyako na vya muuzaji vilingane siku TRA watakapoviweka pamoja.

Tena kwa aliyesajiliwa VAT, na anatakiwa kusajiliwa mwenye mauzo kuanzia shilingi milioni 200 kwa mwaka, punguzo haliwi lote lake. Ankara ya milioni 6 yenye VAT ya asilimia 18 ndani yake ina punguzo la 120,000, na katika hilo kama 18,300 ni VAT ambayo angeidai hata hivyo kwenye ritani yake. Faida yake halisi ni 101,700, yaani 5,085 kwa siku badala ya 6,000, au asilimia 31.6 kwa mwaka. Bado inaizidi benki kwa mbali, lakini kwa masharti ya `1/10, n/30` pengo hilo linaondoa hata ile faida ndogo iliyokuwepo kabla ya ada: asilimia 18.4 inashuka hadi 15.6, chini ya ovadrafti ya 18. Mwenye duka dogo asiye na VAT alichukue punguzo hilo kama ana hela yake iliyolala; jirani yake mwenye VAT anayetegemea benki aliache, alipe siku ya 30.